Simu ya nesi usiku: nani apokee, na nini kisubiri asubuhi

Kama unaishi kwenye kijiji chenye zahanati moja, huenda simu yako ina namba uliyoihifadhi kwa jina fupi tu, "Nesi". Ulipewa siku ulipojifungua, au aliandika mwenyewe kwenye kadi ya mtoto, na tangu siku hiyo umekuwa ukiipiga mtoto akichemka, dawa ikikuchanganya, au ukitaka kujua kama kliniki ya Jumatano ipo. Anapokea. Asipopokea unatuma ujumbe, na asipojibu ujumbe unaona amekudharau.

Wiki hii naomba tuiangalie simu hiyo kutoka upande wake, kwa sababu afya ya mwanao inahusika hapo moja kwa moja. Zahanati ambayo watumishi wote wanajibu kila ujumbe, saa zote, hujibu vizuri kwa miezi michache tu. Baada ya hapo simu ya dharura inaita na hakuna anayeisikia, kwa sababu mmoja amezima yake, mwingine ameiweka kimya, na wa tatu amelala usingizi wa mtu aliyeamshwa usiku nne mfululizo.

Chukua zahanati ya kijiji katika kata kama Nyakitonto, huko kwenye milima ya Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma. Saa za kazi za serikali ni kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Zahanati ya aina hiyo mara nyingi haina zamu ya usiku ya watu waliokaa macho kama hospitali ya wilaya. Ina tabibu, wauguzi wawili watatu kama bahati ipo, na mhudumu wa afya. Wanalala kwenye nyumba za watumishi au wamepanga jirani. Mama akishikwa na uchungu usiku, wanaitwa. Kuitwa huko ni sehemu ya kazi na hakuna mtumishi wa afya anayeshangaa kuamshwa kwa ajili ya mama anayejifungua.

Kinachowachosha ni mengine yote yanayopita kwenye simu hiyo hiyo. Kuna kundi la WhatsApp la zahanati, kundi la kata, kundi la wilaya la chanjo, kundi la uzazi, kundi la dawa. Saa 3 usiku ujumbe unaingia kwamba takwimu za mwezi zinahitajika "haraka". Saa 4 mtu anasambaza picha ya kikao. Saa 5 mzazi anauliza dozi. Mlio ni ule ule kwa yote, kwa hiyo muuguzi hana namna ya kujua kama ni mtoto anayedegedeka au ni salamu za Ijumaa mpaka ainuke na kuangalia.

Kuinuka na kuangalia kuna gharama hata kama simu haikulia. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Uswidi, Lars Torsvall na Torbjörn Åkerstedt, walipima usingizi wa mainjinia wa meli katika usiku ambao wangeweza kuitwa na king'ora cha mitambo, wakalinganisha na usiku ambao hawakuwa na zamu hiyo. Usiku wa kuitwa usingizi ulikuwa mfupi na mwepesi, na usingizi mzito ulipungua. Jambo la kutafakari ni kwamba usingizi ulikuwa umeharibika hata kabla ya king'ora kulia. Kule kutarajia tu kwamba huenda kikalia kulitosha.

Sasa mweke muuguzi wetu mahali pa injinia yule, kisha ondoa ule usiku wa kulala bila zamu. Hana. Kila usiku kwake ni usiku wa kuitwa.

Tena mtu akiamshwa kutoka usingizi mzito, akili yake haiamki papo hapo. Kwa dakika 15 hadi 30 hivi anaweza kuwa mzito wa kufikiri: anasoma kipimo vibaya, anasahau ulichomwambia, anakubali jambo ambalo asubuhi asingelikubali. Aliyeamshwa mara moja kwa jambo la kweli huwa na nafasi ya kunawa uso na kutembea hadi zahanati kabla ya kugusa dawa. Aliyeamshwa mara tano kwa mambo madogo hujibu akiwa bado amejilaza, na jibu hilo la kitandani ndilo unalompa mwanao.

Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2019 liliuweka uchovu uliokithiri wa kazi katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, likasema si ugonjwa bali ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa. Lilitaja sura tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na mtu kuona kwamba hafanyi kazi yake ipasavyo. Ile sura ya pili ndiyo wewe mgonjwa unayokutana nayo dirishani. Nesi aliyekupokea vizuri mwaka juzi leo anakujibu kwa mkato, hakutazami usoni, anakuuliza kwa nini hukuja mapema. Simtetei anayemtukana mgonjwa. Nasema tu kwamba mara nyingi ukali huo ulianzia kwenye simu, usiku, muda mrefu kabla wewe hujafika.

Anza na daftari

Dawa ya hali hii haianzi na kuzima simu. Inaanza na daftari la shule la kurasa 40 na wiki mbili za kuandika. Kila mtumishi anaandika kila simu na ujumbe wa kazi unaoingia kati ya saa 9:30 alasiri na saa 1:30 asubuhi: saa ngapi, kutoka kwa nani (mgonjwa, mwenzake, mkubwa wake), kuhusu nini, na je, ungeweza kusubiri asubuhi bila mtu kudhurika? Ndiyo au hapana. Jina la mgonjwa halihitajiki.

Tufanye hesabu ya mfano, namba za kubuni za zahanati ya kubuni, ili uone jinsi daftari linavyosaidia. Tuseme baada ya usiku 14 kuna mistari 60. Mistari 8 ni dharura: uchungu, damu, degedege, mtoto asiyenyonya. Mistari 12 ni maswali ya dozi. Mistari 18 ni maswali ya ratiba: kliniki lini, chanjo ipo, kadi imepotea nifanyeje. Na mistari 22 imetoka kwa watumishi wenyewe na ngazi za juu: takwimu, vikao, nani atasafiri kesho.

Hesabu ya namna hii hubadilisha mazungumzo. Kabla ya daftari, watumishi watasema wananchi wanawasumbua, na wananchi watasema nesi hapokei simu. Daftari likifunguliwa, kundi kubwa kuliko yote linaweza kuwa ni wao kwa wao. Kila kundi lina dawa yake, na ni moja tu linalohitaji mtu aamshwe.

Maswali ya dozi, kwa mfano, mengi huzaliwa dirishani mchana. Dawa mseto ya malaria, ALu, ina dozi sita kwa siku tatu. Dozi ya pili hutolewa saa nane baada ya ile ya kwanza. Sikiliza jinsi sentensi hiyo inavyomfikia mama aliyechoka, mwenye mtoto mgongoni: "Dozi ya pili baada ya saa nane." Je, ni saa nane ya usiku, au ni muda wa saa nane kupita? Mwingine ataweka kengele ya saa 8 usiku. Mwingine atapiga simu saa 5 usiku kuuliza. Kama mtoto alimeza dozi ya kwanza zahanati saa 5 asubuhi, muuguzi aandike juu ya bahasha: "Leo saa 1 usiku. Kesho asubuhi na jioni. Keshokutwa asubuhi na jioni. Mpe na chakula au maziwa. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, rudia dozi hiyo." Mistari hiyo inachukua dakika moja kuandika, na simu kadhaa za usiku zinakufa hapo hapo. Kama dozi iliyorudiwa nayo imetapikwa, hilo si swali la simu tena, mlete mtoto.

Maswali ya ratiba yanajibiwa na ubao. Siku za kliniki, siku za chanjo, utaratibu wa kadi iliyopotea, vyote viandikwe kwa herufi kubwa ukutani nje, mahali panaposomeka hata zahanati ikiwa imefungwa, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii avijue kwa kichwa. Hapo sina la kuongeza.

Ile mistari 22 ya watumishi na wakubwa wao ndiyo migumu, na nitairudia.

Simu moja, mtu mmoja, usiku mmoja

Kwa zile dharura 8, utaratibu unaofaa ni huu. Zahanati inanunua simu ya vitufe, ile tunayoiita kitochi, yenye laini yake. Namba hiyo ni ya zahanati, si ya mtu. Nasema kitochi kwa makusudi: chaji yake inakaa siku kadhaa, mlio wake ni mkubwa, na haina WhatsApp, kwa hiyo picha za kikao haziwezi kuingia humo. Simu hiyo ikilia usiku, aliyenayo anajua ni mtu anayehitaji msaada.

Saa 9:30 alasiri, kabla ya kufunga, simu inakabidhiwa kwa mwenye zamu na anasaini kwenye daftari kwamba ameipokea ikiwa na chaji na salio. Hatua hii ndogo ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ikirukwa simu hulala kwenye droo ya zahanati iliyofungwa.

Tuseme wanaoweza kuzalisha ni watatu: tabibu na wauguzi wawili. Wiki ina usiku saba, kwa hiyo wawili wanachukua usiku mbili mbili na mmoja tatu, wakizunguka hivi kwamba kila baada ya wiki tatu kila mmoja amekamata simu usiku 7 kati ya 21. Usiku wowote kuna wa kwanza mwenye kitochi, na wa pili ambaye ni akiba. Akiba anaitwa na wa kwanza tu, pale inapohitajika mikono miwili, mathalani mama anayetoka damu huku mtoto naye hajalia. Wa tatu yuko huru kabisa. Simu yake ya kazi imezimwa na hakuna wa kumuuliza kwa nini.

Rudi kwenye mfano wetu. Dharura 8 kwa usiku 14 ni kama 12 kwa usiku 21. Zikigawanywa kwa watatu, kila mmoja anaamshwa kama mara nne kwa wiki tatu, na anajua ni usiku gani unaweza kuwa wake. Kabla ya hapo watu wote watatu walikuwa wakilala na simu wazi usiku wote 21. Mgonjwa hajapoteza kitu. Amepata zaidi, kwa sababu sasa kuna mtu ambaye ni wajibu wake kupokea.

Usipopokelewa je? Andikeni ukutani namba mbili. Piga ya kwanza. Isipopokelewa, piga tena mara moja. Ikishindikana, piga ya pili, ambayo ni ya mganga mfawidhi. Maeneo ya milima yana mabonde ambamo mtandao hukatika, kwa hiyo mwenye zamu ajaribu simu ndani ya nyumba yake mwenyewe, mahali hasa anapolala. Kama mnara hausomi chumbani lakini unasoma sebuleni, kitochi kilale sebuleni na mlango uwe wazi.

Asubuhi baada ya kuitwa lazima iwe na mpango wake pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, na saa 24 kwa wiki. Inaruhusu yale ya siku yapunguzwe hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi na kwa masharti, mojawapo likihusu mfanyakazi anayeishi ndani ya eneo la kazi. Muuguzi aliyeitwa saa 8 usiku akamaliza kumhudumia mama saa 11 alfajiri, akihesabiwa saa 12 anarudi saa 11 jioni, yaani siku hiyo haji. Akihesabiwa saa 8 anarudi saa 7 mchana. Katika zahanati ya watu watatu hesabu ya kwanza itashindikana siku nyingine. Hata hivyo ya pili inawezekana mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na usiku unaofuata asiwe wa kwanza. Kwa hiyo, mzazi, ukifika asubuhi ukaambiwa nesi fulani ataingia mchana, huenda alikuwa na jirani yako usiku kucha.

Lazima niseme jambo moja hapa kwa haki. Sheria hiyo hiyo inaiondoa kazi ya dharura isiyoweza kufanyika katika saa za kawaida kwenye vifungu hivyo vya mapumziko. Mama anayejifungua saa 8 usiku ni dharura, na hakuna mtumishi anayeweza kumwambia sheria inampa mapumziko. Ila takwimu za mwezi si dharura. Sheria yenyewe imechora mstari pale pale tunapotaka kuuchora sisi.

Kundi la WhatsApp lilale

Sasa ile mistari 22. Wenzetu wa nchi nyingine wamejaribu kuimaliza kwa sheria. Ufaransa tangu Januari 1, 2017 inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zijadiliane na wafanyakazi juu ya haki ya kutoshika mawasiliano ya kazi baada ya saa za kazi. Kenya, Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alipeleka muswada wa namna hiyo mwaka 2022, na chama cha waajiri kikaupinga. Zahanati ya kijiji haihitaji kusubiri bunge. Inahitaji kanuni tatu ambazo mganga mfawidhi anazitangaza na yeye mwenyewe kuzifuata.

Ya kwanza, kundi hufungwa saa 12 jioni na kufunguliwa saa 1 asubuhi. Anayekumbuka jambo saa 4 usiku aliandike kwenye karatasi, au aliandike kwenye simu asilitume. Wapo wanaosema, "Natuma sasa, ila ajibu kesho." Haifanyi kazi, hasa ikiwa anayetuma ni mkubwa. Mdogo akiona jina la mkubwa wake kwenye kioo cha simu usiku, atajibu.

Ya pili, dharura haitumwi kwenye kundi hata siku moja. Ujumbe unaosema "kuna mama anatoka damu, nani yupo?" katika kundi la watu 20 unasomwa na watu 11, na kila mmoja anadhani mwingine ameshatoka nyumbani. Dharura inapigwa, kwa sauti, kwa mtu mmoja, anayesema "nakuja".

Ya tatu inahusu ngazi ya juu. Mganga mfawidhi ndiye mlango pekee wa maombi ya takwimu kutoka wilayani, na anakubaliana na wilaya saa ya mwisho ya kupokea maombi ya siku hiyo, tuseme saa 8 mchana, wakati rejesta ziko mezani. Takwimu inayoombwa usiku hutafutwa kwa kumbukumbu, na takwimu ya kumbukumbu huwa ni ya kubuni. Wilaya nayo inafaidika.

Mimi naona kanuni ya kwanza ndiyo huvunjika mapema, na anayeivunja mara nyingi ni yule aliyeitunga. Dalili nyingine za mpango unaoyumba ni hizi: namba ya pili ukutani inaanza kuita kuliko ya kwanza, jina moja linajirudia kwenye daftari la kukabidhiana kwa sababu wenzake "wamemwomba amshikie", na wagonjwa wanaendelea kupiga namba binafsi ya nesi wanayempenda. Hilo la mwisho linatuhusu sisi. Nesi akikujibu kwa ujumbe mfupi, "Leo sipo zamu, kwa dharura piga namba ya zahanati," hajakukataa. Amekupeleka kwa mtu aliye macho. Mkubaliane watumishi wote wajibu maneno hayo hayo, kwa sababu mmoja akiendelea kuhudumia kwa namba yake, baada ya mwezi namba zote zitarudi kwake.

Kila baada ya miezi mitatu daftari la wiki mbili lirudiwe. Mistari ya "ingeweza kusubiri" ikiwa imepanda tena, mnajua pa kuangalia.

Pale mpango huu unapogota

Kuna zahanati yenye muuguzi mmoja. Huko hakuna zamu ya kugawana, na kumwambia mtu huyo aweke mipaka ni kumpa mzigo mwingine. Anachoweza kupata ni kupunguziwa: bahasha zilizoandikwa vizuri, ubao ukutani, kundi linalolala jioni, na usiku mmoja au miwili kwa wiki ambapo maswali ya simu yanapokelewa na zahanati jirani. Uzazi hauwezi kuhamishwa hivyo. Dawa ya hapo ni mtumishi wa pili, na kamati ya usimamizi wa zahanati iende kudai hilo halmashauri ikiwa na daftari mkononi, lenye tarehe na saa. Posho ya kuitwa kazini baada ya saa za kazi nayo hudaiwa kwa kumbukumbu. Kitochi, laini na salio ni gharama ndogo ambayo kamati hiyo inaweza kuijadili kikao kimoja.

Kwa mama na mtoto mchanga kuna namba ambayo kila familia inapaswa kuijua: 115, ya mfumo wa m-mama. Kupiga ni bure. Simu hupokelewa na kituo cha uratibu chenye watu wa zamu usiku na mchana, wanaouliza maswali, wanaamua kama usafiri unahitajika, na wanatafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo na si na wewe. Ukiutazama, m-mama ni ile ile simu moja ya zamu, ila imepelekwa ngazi ya mkoa: hakuna anayetafuta namba binafsi ya dereva saa 8 usiku. Mpaka wake uujue vilevile. Unahudumia wajawazito, waliojifungua hadi siku 42, na watoto wachanga hadi siku 28. Mtoto wa miaka miwili mwenye malaria kali hayumo. Huyo mpeleke kwa usafiri wowote ulio karibu, huku ukipiga namba ya zamu.

Na wewe mzazi unayefanya kazi, iwe ni ualimu, dukani, au kwenye mashirika yanayohudumia kambi ya Nyarugusu, daftari lile lile linakufaa. Andika wiki mbili, ujumbe wa kazi ulioingia ukiwa nyumbani, na kama ungeweza kusubiri. Lipeleke kwenye kikao bila majina, mkubaliane nani anashika simu usiku upi. Kwenda kwa mkubwa na kusema tu "nimechoka" mara nyingi huishia kwenye pole.

Limebaki swali la ni lini umwamshe mwenye zamu. Kwa mtoto, usisubiri kama hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Kwa mjamzito au aliyejifungua: damu kutoka, kichwa kuuma sana pamoja na kuona maruweruwe, degedege, homa kali, chupa kupasuka, uchungu kuanza, au mtoto tumboni kupunguza kucheza. Hayo hayasubiri asubuhi, na usianze kwa kuomba radhi kwa kusumbua.

Ukipokelewa, sema kwa mpangilio huu: jina lako na kitongoji, umri wa mgonjwa au mimba ni ya miezi mingapi, dalili gani na imeanza saa ngapi, dawa gani ameshapewa, na kama una usafiri au huna. Kisha nyamaza, usikilize swali lake. Simu ikikatika kabla hujamaliza, usimwandikie ujumbe. Piga tena.